Saini Mbili, Akili Moja: Somo Kuhusu Akaunti ya Kikundi Kigangoni



Somo letu la leo si la sala wala la miito. Ni somo la daftari, kitabu cha hundi na taarifa ya benki. Najua wengine mtataka kufunga ukurasa hapa hapa, lakini subirini kidogo, maana wengi wenu mtachaguliwa kuwa mwenyekiti, katibu au mweka hazina wa kikundi kabla hamjafika miaka 30, na siku hiyo hakuna atakayewafundisha. Mimi mwenyewe niliingia mwaka wangu wa uchungaji nikiwa na shahada ya falsafa mkononi. Naweza kukueleza tofauti ya kiini na sifa za nje hadi usinzie, lakini nilikuwa sijawahi kusoma taarifa ya benki hata moja.

Nilipangiwa kusaidia katika parokia moja yenye vigango kadhaa. Katika kigango kimoja vijana walikuwa na akaunti yao, imefunguliwa kwa idhini ya Baba Paroko, kwa ajili ya kununua kinanda cha kwaya. Watia saini walikuwa watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mlezi. Benki iliambiwa wawili kati ya hao watatu wakisaini, hundi inalipwa. Kwa maandishi, hapakuwa na kasoro. Kila kikao mweka hazina alisimama, akasoma salio kutoka kwenye daftari lake, tukapiga makofi, tukafunga kwa sala. Nilihudhuria vikao vitatu vya namna hiyo na mimi nilipiga makofi kama wengine.

Mwisho wa mwezi wa tisa duka lilitupa bei ya kinanda, na mlezi akasema kabla ya kulipa tuombe taarifa ya benki. Ilikuwa haijaombwa kwa miezi sita. Daftari la fedha lilisema tuna shilingi 1,846,000. Taarifa ya benki ikasema 1,473,000. Pengo la shilingi 373,000.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu, kama mnavyojua, macho yote yakamgeukia mtu mmoja.

Hapa ndipo nataka tukae kwa muda, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Pengo kati ya daftari na benki si ushahidi wa wizi. Mara nyingi daftari sahihi kabisa na benki iliyo sahihi kabisa husoma tarakimu mbili tofauti siku ile ile. Kazi ya kutafuta sababu ya kila shilingi ya tofauti hiyo inaitwa usuluhisho wa benki, na inahitaji vitu vinne mezani: daftari la fedha, taarifa ya benki, slipu za kuweka fedha, na vishina vya kitabu cha hundi. Unachukua kalamu, unaweka alama kwenye kila tarakimu inayoonekana pande zote mbili. Zinazobaki bila alama ndizo zinazoeleza pengo.

Tulikaa na mlezi, ambaye ni mwalimu mstaafu wa biashara, tangu saa nane mchana mpaka jua linazama. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kwanza, Jumapili ya mwisho ya mwezi, tarehe 29, tulikusanya shilingi 185,000. Mweka hazina aliziandika daftarini siku ile ile, kama inavyotakiwa, lakini benki Jumapili imefungwa. Ziliingia benki baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo taarifa ya mwezi wa tisa haikuzijua. Hizo ni fedha zilizo njiani, hazina tatizo lolote mradi slipu ya benki ipo. Ilikuwepo.

Pili, fundi umeme alikuwa amepewa hundi ya shilingi 75,000 na hakuwa ameipeleka benki bado. Daftari limekwisha kuzitoa, benki haijazitoa. Hili linavuta upande mwingine: linafanya benki ionekane na fedha nyingi kuliko ukweli.

Tatu, makato ya benki. Shilingi 3,000 kila mwezi kwa miezi sita, jumla 18,000, na daftarini hayakuandikwa hata mara moja. Mweka hazina hakuyajua kwa sababu hakuwahi kuiona taarifa.

Nne, siku moja ya mwezi wa sita daftari lilionyesha mchango wa shilingi 94,000. Slipu ya benki ilisema 49,000. Mlezi alicheka kidogo akasema, "Frateri, gawanya tofauti hiyo kwa tisa." Tofauti ni 45,000, na ukigawanya kwa tisa unapata 5,000 bila baki. Akanifundisha kitu ambacho falsafa haikunifundisha: mtu akigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, 49 ikawa 94, au 63 ikawa 36, tofauti yake daima hugawanyika kwa tisa. Si uthibitisho kwamba tarakimu zimegeuzwa, maana tofauti nyingine nazo zaweza kugawanyika kwa tisa, lakini ni dalili nzuri ya mahali pa kuanzia kutafuta. Karatasi ya kuhesabia ya siku hiyo ilikubaliana na benki. Kalamu ilikuwa imeteleza tu.

Sasa basi, baada ya hapo unasahihisha pande mbili, kila upande kwa makosa yake. Angalia:

Benki inasema: 1,473,000
Ongeza fedha zilizo njiani: 185,000
Toa hundi ya fundi ambayo haijafika benki: 75,000
Benki iliyosahihishwa: 1,583,000

Daftari linasema: 1,846,000
Toa makato ya benki: 18,000
Toa kosa la tarakimu zilizogeuzwa: 45,000
Daftari lililosahihishwa: 1,783,000

Pande hizi mbili zilipaswa kulingana mpaka shilingi ya mwisho. Hazikulingana. Ilibaki laki mbili kamili.

Nawaomba mtazame jambo hili: tulianza na pengo la 373,000 ambalo lingeweza kuwa chochote. Kama tungeanza kuulizana "nani kachukua", tungemshtaki mtu kwa makato ya benki na kwa hundi ya fundi umeme. Baada ya kazi ya nusu siku, tulikuwa na swali moja tu, lenye kiasi kimoja. Na taarifa ya benki ilikuwa na jibu. Tarehe 14 ya mwezi wa tisa ililipwa hundi ya shilingi 200,000, na pembeni ilionyesha namba yake, inayoishia na 50. Hundi zote tulizotumia zilikuwa zimefika ya 17. Kitabu kilikuwa na karatasi 50. Mlezi alikigeuza taratibu akatazama nyuma kabisa. Karatasi ya mwisho haikuwepo, na kishina chake kilikuwa kitupu.

Hundi hiyo ilikuwa na saini mbili, zote halali. Benki haikukosea.

Ilikuwaje? Mwenyekiti wetu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anaweza kukaa barabarani wiki mbili, tatu. Ili kazi zisikwame, kila alipoondoka alisaini hundi kadhaa zikiwa tupu na kumwachia mweka hazina. Kwa upande wake aliona anarahisisha mambo. Lakini mweka hazina naye alikuwa mtia saini. Kwa hiyo, siku mwenyekiti alipoweka saini yake kwenye karatasi tupu, mtu mmoja alibaki nyumbani akiwa na kitabu cha hundi, saini ya kwanza, saini ya pili na daftari la kuandikia. Saini mbili, akili moja.

Mweka hazina hakukana. Alisema mwenyewe mbele ya Baba Paroko na mbele yetu wanne: mtoto alilazwa ghafla, hakuwa na kitu ndani, akasema nitarudisha mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukafika na hakuwa nazo. Hakuandika daftarini kwa sababu aliamini zitarudi kabla ya mtu kujua. Sisemi hivi ili kupunguza kosa. Nasema kwa sababu ukimwazia mwizi wa fedha za kikundi kama mtu mwenye sura mbaya, hutamwona anapokuja. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye usafi wa kanisa na wa mwisho kuondoka. Mwenyekiti naye alilia kuliko yeye. Fedha zilirudishwa kwa awamu nne za shilingi 50,000, kila moja ikiandikwa kwenye muhtasari wa kikao na slipu ya benki ikabandikwa pembeni.

Sasa turudi kwenye swali: saini mbili ni za nini hasa?

Katika fedha za kikundi kuna kazi tatu tofauti. Kuna kuidhinisha, yaani kusema fedha hii itumike kwa jambo hili. Kuna kushika, yaani kukaa na fedha au na kitabu cha hundi. Na kuna kuandika, yaani kuweka kumbukumbu ya kilichotokea. Kazi hizi zikiwa kwa watu tofauti, mtu akikosea au akijaribiwa, kazi ya mwenzake humfichua bila mwenzake kuwa mpelelezi. Zikikutana zote kwa mtu mmoja, hata awe mtakatifu, hakuna kinachoweza kumtetea siku akisingiziwa. Saini mbili ni chombo cha ile kazi ya kwanza tu, kuidhinisha. Haziwezi kufanya kazi ya daftari, na daftari haliwezi kufanya kazi ya taarifa ya benki.

Kwa hiyo tulipopanga upya, maoni yangu yalikuwa kwamba mweka hazina asiwe mtia saini kabisa. Yeye aandike daftari na atunze kitabu cha hundi, lakini asaini mwenyekiti, katibu na mlezi, wawili kati ya watatu. Najua parokia nyingi hufanya vingine, mweka hazina anasaini, na mahali pengine ndivyo miongozo ya jimbo inavyoelekeza. Kama ni hivyo kwenu, fuateni, lakini hakikisheni mtu mwingine kabisa, asiyesaini wala kuandika, ndiye anayefanya usuluhisho wa benki kila mwezi. Kinachokatazwa ni mtu mmoja kuandika, kusaini na kujikagua.

Kwa nini watatu na si wawili? Kwa sababu ya dereva wetu. Ukiwa na watia saini wawili tu na wote lazima wasaini, mmoja akisafiri au akiugua, kishawishi cha kusaini hundi tupu kinakuja chenyewe. Wa tatu ndiye dawa. Wachagueni watu wasio mke na mume, wala ndugu wa nyumba moja, maana hao hata wakiwa waaminifu watasainiana mezani wakati wa chakula bila kusoma. Na angalau mmoja awe mtu anayekaa karibu, siyo anayepatikana likizo tu.

Mtia saini wa pili ana kazi yake, na siyo kuandika jina vizuri. Anatakiwa kuona vitu vitatu kabla ya kuweka kalamu: hati ya malipo iliyojazwa ikisema nani analipwa, kiasi gani na kwa ajili ya nini, ankara au bei ya maandishi kutoka kwa muuzaji, na mstari wa muhtasari wa kikao unaoonyesha kikundi kiliamua matumizi hayo. Halafu hundi yenyewe iwe imeandikwa jina la anayelipwa na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kikikosekana kimoja, anairudisha. Mtu akikuambia, "Wewe saini tu, nitajaza baadaye," jibu ni hapana, hata kama ni mama yako mlezi wa ubatizo.

Jambo moja dogo linalosahaulika: uongozi ukibadilika, benki haijui. Tuliwahi kukuta kikundi kingine ambacho katibu wa zamani, aliyehamia mkoa mwingine, bado alikuwa mtia saini miaka miwili baada ya kutoka madarakani. Siku ya uchaguzi andikeni muhtasari unaotaja wanaotoka na wanaoingia, Baba Paroko aandike barua ya utambulisho, na wapya waende benki na vitambulisho vyao wiki hiyo hiyo. Benki nyingi huomba pia picha na nakala ya katiba ya kikundi. Na msisahau kwamba kikundi cha vijana kigangoni hakisimami peke yake kisheria. Mali ya parokia inasimamiwa na paroko na kumilikiwa kupitia wadhamini wa jimbo. Ndiyo maana hamwendi benki wenyewe tu na kufungua akaunti mkaipa jina la kanisa.

Kuhusu simu. Vijana wengi mtaniuliza, Frateri, nani siku hizi anaandika hundi, si tunatumia simu? Kweli, michango mingi huja kwa simu. Lakini laini ya kawaida imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja na ina namba ya siri moja. Ukiweka fedha za kikundi humo umerudi kule kule, akili moja, tena safari hii bila hata saini ya pili. Na Mungu aepushie mbali, mtu huyo akifariki, fedha zile mbele ya sheria zinaonekana ni zake. Kama ni lazima kupokea kwa simu, basi iwe njia ya kupita tu: fedha zihamishiwe akaunti ya benki zote kila wiki bila kutumika, na historia ya miamala ichapishwe au inakiliwe daftarini. Ujumbe mfupi wa simu peke yake msiukubali kama risiti. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote. Angalieni salio.

Tuje kwenye upande wa kupokea, maana hundi haiwezi kulinda fedha ambayo haikufika benki. Fedha taslimu iko hatarini zaidi katika saa moja ile kati ya kapu na slipu. Tulichokubaliana ni kwamba wanahesabu watu watatu, wasio ndugu, mezani ndani ya ukumbi mlango ukiwa wazi, na mweka hazina hahesabu. Yeye anapokea kilichokwisha kuhesabiwa. Wanajaza karatasi kwa aina za noti na sarafu. Ile Jumapili ya tarehe 29 karatasi ilisema: noti za 10,000 zilikuwa 3, za 5,000 zilikuwa 7, za 2,000 zilikuwa 21, za 1,000 zilikuwa 46, sarafu za 500 zilikuwa 48, za 200 zilikuwa 30, za 100 zilikuwa 20. Jumlisha mwenyewe, utapata 185,000. Wote watatu wanasaini, nakala moja anapewa mweka hazina na nyingine katibu. Kwa nini kuandika aina za noti wakati jumla inatosha? Kwa sababu jumla ni rahisi kuibadilisha, lakini ukitoa noti moja ya 5,000 lazima ubadilishe mstari mzima, na slipu ya benki nayo huwa inaorodhesha noti.

Fedha hizo zinakwenda benki zote, zima zima. Hapa vijana huwa tunakosea kwa nia njema: sadaka imepatikana, soda za wageni zinahitajika, tunachomoa 12,000 kapuni na kupeleka benki zinazobaki. Baada ya miezi miwili karatasi za kuhesabia hazilingani na slipu hata mara moja, na hakuna anayekumbuka soda. Kwa matumizi madogo, toeni benki kiasi kisichobadilika, sisi tuliweka 50,000, kikae kwenye kisanduku cha mweka hazina. Kila anayechukua anaacha hati ndogo na risiti. Wakati wowote mtu akifungua kisanduku, fedha taslimu pamoja na hati zilizomo lazima zifike 50,000. Zikiisha, hati zote zinapelekwa kwa watia saini na kisanduku kinajazwa tena kwa kiasi cha hati zile. Mtihani wake ni wa dakika tano, na ufanyike siku ambayo haikutangazwa.

Kijana mmoja kwenye kikao aliniuliza swali zuri sana, akiwa na Biblia mkononi. Akasema, Frateri, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 12 imeandikwa kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kutengeneza Hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Sasa mbona sisi mnatufanya kama wezi?

Nilimshukuru, kwa kweli, halafu tukaisoma sura nzima kwa utulivu. Inaanza na tatizo: mfalme Yoashi anagundua kwamba mpaka mwaka wake wa 23 makuhani wamekuwa wakipokea fedha na Hekalu halijatengenezwa. Hakuna anayeitwa mwizi. Fedha zilipokelewa na watu wale wale waliopaswa kuzitumia, na zikayeyuka. Ndipo kuhani Yehoyada anachukua sanduku, anatoboa tundu kwenye kifuniko, analiweka pembeni ya altare. Fedha zikiwa nyingi, wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, kutoka ofisi mbili tofauti, na wanazihesabu pamoja. Baada ya hapo ndipo zinakwenda kwa wasimamizi wa kazi, na hao ndio wasiodaiwa hesabu. Yaani uaminifu ule ulikuja baada ya sanduku na baada ya wahesabuji wawili. Tena kazi ya mafundi inaonekana kwa macho: ukuta umesimama au haujasimama. Salio la benki halionekani ukipita barabarani.

Mtume Paulo naye, alipobeba mchango wa Makanisa kwenda Yerusalemu, hakwenda peke yake. Katika Wakorintho wa Pili sura ya 8 anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na Makanisa yenyewe, na anaeleza wazi sababu yake: asipatikane mtu wa kuwalaumu juu ya kiasi kikubwa wanachokihudumia. Sheria ya Kanisa nayo iko wazi. Kanuni 1284 inawataka wasimamizi wa mali watunze vitabu vya mapato na matumizi kwa mpangilio na kutoa hesabu kila mwisho wa mwaka. Kanuni 1287 inasema waamini wapewe hesabu ya kile walichotoa, kadiri ya taratibu za mahali. Na kanuni 1267 inasema kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu.

Hiyo ya mwisho inagusa daftari moja kwa moja. Tulikuwa na fedha za kinanda na fedha za hija ndani ya akaunti moja. Benki inaona salio moja tu, haijui ipi ni ya nini. Kwa hiyo daftari liwe na safu: jumla, kinanda, hija, matumizi ya kawaida. Safu tatu zikijumlishwa zilingane na jumla. Bila safu hizo, hija itafanyika kwa fedha za kinanda na wote mtashangaa kwa dhati kabisa.

Na kumbukumbu ziwe wazi kwa namna gani? Sisi tulianza na karatasi moja kila mwezi kwenye ubao wa matangazo: salio la mwanzo, mapato, matumizi kila moja kwa mstari wake, salio la mwisho, na chini yake mistari ya usuluhisho kama ile niliyowaonyesha juu. Hatubandiki majina ya waliotoa na viwango vyao. Hili niliwabishia wazee wawili kwa heshima zote, kwa sababu kuna mama anayetoa 500 ambaye hatarudi akiona jina lake chini ya aliyetoa 50,000. Mtoaji ana risiti yake. Akitaka kujua kama imeingia, analeta namba ya risiti. Namba za kitabu cha risiti zifuatane, na iliyoharibika ikunjwe ibaki kitabuni, isichanwe. Mwanachama yeyote anaweza kuomba kuona daftari, mbele ya mweka hazina au katibu, bila kueleza sababu.

Mwezi wa kwanza karatasi ile ilisomwa na watu wengi kuliko tangazo lolote la ndoa. Mwezi wa tatu nilimwona mzee mmoja akiwa na miwani, kidole kwenye mstari wa makato ya benki, akiuliza kwa nini yamepanda kutoka 3,000 hadi 3,500. Hatukuwa na jibu. Katibu alikwenda benki Jumatatu kuuliza.

Utaratibu huu hauzuii kila kitu. Watia saini wawili wakikubaliana kuiba, wataiba, na utajua baadaye tu, kwa taarifa ya benki. Muuzaji akishirikiana na mnunuzi kupandisha bei kwenye ankara, daftari litakuwa safi kabisa na fedha zitakuwa zimekwenda. Hapo dawa ni bei za maduka matatu na mtu wa pili kwenda kununua. Na mtu asiyesoma anachosaini ni sawa na asiyekuwepo, hata mkiwa na watia saini kumi.

Kikao chenu kijacho, msianze na daftari. Ombeni kuona taarifa ya benki ya mwezi uliopita, halafu kitabu cha hundi. Kigeuzeni mpaka nyuma. Angalieni kama kuna saini yoyote kwenye karatasi ambayo bado ni tupu, na kama ipo, aliyesaini aikate kwa mistari miwili hapo hapo na kuandika kwamba imefutwa, kabla ya sala ya kufungua.